Kurudisha miguu na utosi uliokatwa pichani: pima kwanza, jaza baadaye

Mama mmoja aliniletea simu yake studio, hapa Kirumba, Mwanza, akanionyesha picha ya marehemu baba yake. Mzee amesimama ufukweni mwa Ziwa Victoria, Jiwe la Bismarck likionekana majini nyuma ya bega lake, koti la bluu, kofia nyeupe ya mtarizo, fimbo mkono wa kulia. Picha ilipigwa na mjukuu wa miaka minane aliyevuta zumu mara mbili. Juu, kofia imekatwa sentimita chache baada ya nyusi. Chini, picha inaishia kwenye ugoko, kidogo juu ya kifundo. Alitaka picha ya kuning'iniza sebuleni, mzee akiwa mzima.

Nikafanya kile ambacho kila mtu hufanya siku hizi. Nikafungua Photoshop, nikavuta ukingo wa chini kidogo na wa juu kidogo, nikabonyeza akili mnemba ijaze, nikapata viatu vyeusi vinavyong'aa na kofia safi. Nikaona kazi imekwisha kwa dakika mbili. Mama akaitazama, akanyamaza, halafu akasema, "Mwanangu, viatu ni vizuri. Lakini mzee wangu hakuwa na miguu mifupi hivi."

Alikuwa sahihi. Na kosa halikuwa la programu. Nilikuwa nimeongeza nafasi ndogo mno chini, na programu hizi zina tabia moja ambayo ukiielewa utakuwa umeelewa nusu ya kazi yote: ukubwa wa nafasi tupu unayoiachia ndiyo amri yenyewe, kuliko maneno unayoandika. Ukiacha nafasi ndogo, itaminya miguu ili viatu viingie ndani ya fremu. Ukiacha nafasi kubwa bila alama yoyote, itarefusha ugoko mpaka mtu aonekane amepanda mironjo. Juu ni vilevile: nafasi kubwa inazaa kofia ndefu kama ya mpishi wa hoteli. Programu haijui mtu huyu ana kimo gani. Inajua tu kwamba watu huwa na miguu na kwamba fremu inaishia hapo.

Kwa hiyo kazi inaanza na rula. Nitaeleza nilivyoirudia picha ya mzee hatua kwa hatua, kwa sababu ina mambo yote mawili, juu na chini, na ina ziwa nyuma, ambalo kwa kazi hii ni msaada mkubwa kuliko unavyodhani.

Tafuta ukubwa wa kichwa

Fungua nakala ya picha, si picha yenyewe. Ya mzee ilikuwa pikseli 3,000 kwa upana na 4,000 kwa urefu. Washa rula kwa `Ctrl+R`, hakikisha inasoma pikseli, na uwe na karatasi pembeni ya kuandikia.

Macho ya binadamu mzima yapo katikati ya kichwa. Si juu, kama wengi wetu tunavyochora, bali katikati kabisa: umbali kutoka kidevu hadi mstari wa mboni ni sawa, au karibu sawa, na umbali kutoka mboni hadi utosini. Hii ndiyo kanuni inayokuokoa pale utosi unapokuwa umekatwa, maana nusu ya chini ya kichwa ipo na inapimika. Kwa mzee, kidevu kilikuwa pikseli 490 kutoka ukingo wa juu na macho yalikuwa pikseli 180. Tofauti ni 310. Kichwa kizima basi ni pikseli 620, na utosi wake uko pikseli 130 juu ya ukingo, nje ya picha. Kofia inakaa juu ya utosi na kuongeza kitu kidogo. Nilikadiria pikseli 60, kwa kutazama picha nyingine aliyovaa kofia ileile.

Kipimo hiki kinataka uso uwe umenyooka. Mtu akiinamisha kichwa, umbali wa macho na kidevu unafupika pichani na utosi unaonekana mkubwa. Akiinua kidevu, mambo yanageuka. Kama kichwa kimeinama, usitumie nusu kwa nusu, tafuta picha nyingine yenye pozi hilohilo upime uwiano wake.

Na kama picha imekata chini ya macho, simama hapo. Programu itakupa uso, tena uso mzuri, lakini utakuwa uso wa mtu mwingine kwenye mwili wa mpendwa wa mteja. Mimi kazi hiyo siifanyi bila picha nyingine ya mtu huyohuyo, iliyopigwa kwa pembe na mwanga unaokaribiana, ambayo nitakata kichwa chake na kukipachika kwa mkono. Paji la uso, nywele, kilemba, kofia, hivyo vinaweza kujazwa. Macho hayajazwi.

Kutoka kichwa hadi nyayo

Mtu mzima aliyesimama wima ana urefu wa vichwa saba hadi saba na nusu. Wachoraji wa matangazo ya mitindo hutumia vinane na zaidi, ndiyo maana mifano yao ina miguu ya korongo. Mtoto ni tofauti sana: mchanga ana vichwa kama vinne tu, wa miaka mitano au sita anakaribia sita. Ukimpa mtoto hesabu ya mtu mzima, umemgeuza kibeti aliyevaa sare ya shule.

Lakini mbona kukisia wakati familia ina picha nyingine? Nilimwomba mama anitafutie picha yoyote ya mzee akiwa mzima, akanipa moja ya harusi, chafu na imekunjwa, ila mzee anaonekana kuanzia kofia hadi viatu. Nikapima kichwa, nikahesabu kinaingia mara ngapi: saba na robo. Hiyo ndiyo namba yake, na inabaki kuwa yake hata picha ikiwa mbovu kiasi gani, kwa sharti kwamba aliyepiga hakuwa ameinamisha kamera.

Pikseli 620 mara saba na robo ni 4,495. Ukianza kuhesabu kutoka utosini, ambao uko 130 juu ya ukingo, nyayo zinaangukia kwenye 4,365. Yaani pikseli 365 tu chini ya mahali picha inapoishia. Kwenye jaribio langu la kwanza nilikuwa nimeongeza 250 chini, na ndani ya hizo viatu vyote vikaingia na kipande cha mchanga kikabaki. Hapo ndipo miguu ilipopotelea.

Ziwa linakupa hesabu ya pili

Mstari ambapo maji yanakutana na ng'ambo, ule upeo wa macho, siku zote upo kwenye urefu wa kamera. Ukipiga picha umesimama, upeo unapita kwenye macho ya watu wa kimo chako, wawe karibu au mbali, mradi wamesimama kwenye ardhi ya usawa mmoja na wewe. Ukichuchumaa, upeo unashuka mpaka kiunoni mwao. Kwa hiyo upeo ni kama kamba iliyofungwa kuwazunguka watu wote pichani kwa kimo kimoja.

Kwenye picha ya mzee, maji yalikuwa yanamkata kiunoni, pikseli 1,880 kutoka juu. Hilo peke yake lilinieleza kwamba aliyepiga ni mfupi. Mama akamleta mjukuu, nikampa simu, nikamwambia, "Nipige kama ulivyompiga babu." Akaishika kifuani. Nikapima kwa futi kutoka sakafuni hadi kwenye lenzi: sentimita 95.

Mzee alikuwa na kimo cha sentimita 170, sawa na kijana wake mkubwa. Pikseli 4,495 ukigawa kwa 170 unapata kama pikseli 26.4 kwa kila sentimita. Zidisha kwa 95, upate kama 2,510, jumlisha na mahali upeo ulipo, na nyayo zinaangukia kwenye 4,390. Njia ya kichwa ilisema 4,365. Tofauti ni pikseli 25, sentimita moja tu ya mwili halisi. Nikachukua katikati, 4,380, nikaweka mstari wa mwongozo hapo.

Kama hesabu mbili zingeachana kwa pikseli mia tatu, ningejua kuna kitu kibaya, na mara nyingi kitu hicho ni kamera iliyoinamishwa. Angalia upeo uko wapi katika fremu nzima. Ukiwa karibu na katikati, kamera ilikuwa imenyooka na mwili una kipimo kimoja kutoka kichwani hadi miguuni. Ukiwa juu sana, mpiga picha aliinamisha kamera kuelekea chini, na hapo miguu inakuwa mbali zaidi na lenzi kuliko kichwa. Inapungua, na hesabu ya vichwa itakupa miguu mirefu mno. Lakini hakikisha picha haijakatwa baadaye, maana picha iliyopunguzwa kwa ajili ya wasifu wa simu haikuonyeshi tena katikati ya kweli.

Angalizo moja la wenyeji: mawe yetu. Mtu aliyepanda jiwe huku mpiga picha yuko mchangani hayuko kwenye usawa mmoja naye, na hesabu ya upeo inavunjika. Mzee, kwa bahati, alisimama kwenye mchanga uleule aliosimama mjukuu.

Kipimo cha tatu ni cha kuridhisha moyo tu. Goti lipo juu kidogo ya robo ya kimo kutoka chini. Mkunjo wa suruali ya mzee gotini ulikuwa kwenye 3,150, na hesabu ilinipa kama 3,165. Nikaacha kupima.

Viatu vinashuka chini ya mstari wa nyayo

Hapa ndipo hata wanaopima huharibu. Mstari wa 4,380 ni pale kifundo kinapoegemea ardhi. Lakini kiatu kinaelekea kwa mtazamaji, na ncha yake iko karibu na kamera kuliko kisigino. Kitu kilicho ardhini kadiri kinavyosogea karibu ndivyo kinavyoshuka pichani. Kwa kamera ya sentimita 95 iliyokuwa hatua tatu mbele ya mzee, mita mbili na robo hivi, ncha ya kiatu ilipaswa kushuka kama pikseli 230 chini ya mstari ule, na kisigino kupanda kama 85 juu yake. Ukiweka ncha za viatu kwenye mstari wenyewe, mtu anasimama kwa vidole kama mcheza dansi.

Fimbo nayo ni hivyohivyo. Niliweka rula juu ya sehemu yake inayoonekana, nikaurefusha mstari kwa `Line Tool` kwenye leya ya peke yake mpaka chini. Ncha yake inagusa mchanga mbele ya viatu, kwa hiyo pichani lazima iwe chini zaidi ya ncha za viatu. Programu ikiachiwa yenyewe, mara kwa mara inaikata fimbo hewani au kuipinda kama mkia.

Jambo la mwisho kabla ya kujaza ni uzito. Shusha mstari wima kutoka kishimo cha shingo. Mtu aliyeegemea mguu mmoja, mstari huo unaangukia karibu na kifundo cha mguu uliobeba uzito. Aliyesimama sawasawa, unaangukia katikati ya miguu miwili. Kwa mzee uliangukia upande wake wa kushoto, na nyonga ya kushoto ilikuwa imepanda kidogo, hivyo mguu wa kushoto ndio uliobeba na wa kulia umelegea, ncha imefunguka nje. Nikazungushia duara mbili za rangi nyekundu mahali kila kiatu kitakapokaa. Mistari yote hii na duara unavichora baada ya kuongeza turubai, maana kabla ya hapo vinaangukia nje ya picha.

Turubai

Sasa unajua nafasi ya kuongeza. Badilisha kwanza leya ya `Background` iwe leya ya kawaida kwa kuibofya mara mbili, ili nafasi mpya iwe tupu na isijae rangi nyeupe. Kisha nenda `Image > Canvas Size`, weka alama kwenye `Relative`, na uongeze upande mmoja mmoja kwa kubofya mshale wa `Anchor` unaofaa. Napenda njia hii kuliko kuvuta kwa `Crop Tool`, kwa sababu hapa unaandika namba na hukisii kwa mkono.

Niliongeza 650 juu, 1,050 chini, na 400 kila upande. Juu kofia inahitaji 190 tu na zilizobaki ni hewa. Chini viatu na fimbo vinahitaji kama 800. Pande mbili niliziongeza kwa ajili ya karatasi: turubai ikawa 3,800 kwa 5,700, uwiano wa mbili kwa tatu, unaoingia bila kukata kwenye chapa ya inchi 12 kwa 18. Kwa kuwa juu kumeongezeka 650, mstari wa nyayo wa 4,380 sasa unasomeka 5,030 kwenye rula.

Viatu vya kweli kwanza, mashine baadaye

Nilimwuliza mama viatu vya mzee viko wapi. Akasema, "Vipo. Chini ya kitanda chake, hakuna aliyevigusa." Akavileta na suruali ya kijivu inayofanana na ile ya pichani.

Kijana mkubwa akavivaa. Vilimbana, hakulalamika. Tukaenda nje ya studio saa tatu asubuhi, kwa sababu picha ya awali ilipigwa saa hizo: ukisimama ufukweni mjini ukatazama ghuba unatazama magharibi, na asubuhi jua linakuwa mgongoni mwa mpiga picha. Nikasimama hatua tatu mbele yake, simu kwenye kimo cha sentimita 95, zumu ileile mara mbili, naye akaegemea mguu wa kushoto kama baba yake. Nikapiga kuanzia magotini kwenda chini, mara kumi hivi.

Kipande hicho nikakileta kwenye leya mpya, nikakipunguza kwa `Ctrl+T` mpaka umbali wa goti hadi nyayo ulingane na vipimo vyangu, nikakiweka kwenye duara nyekundu, na kwa maski laini nikakiunganisha na suruali ya asili juu kidogo ya mahali picha ilipokatwa, kwenye mkunjo wa kitambaa, ambapo jicho halitafuti kiungo. Hili linachukua saa moja. Lakini vidole, soli, kamba, mikwaruzo ya ngozi, vyote ni vya kweli, na programu imebakiwa na mchanga, maji na mawe, mambo inayoyaweza vizuri sana.

Kujaza

Anza na mandhari, mwili baadaye. Chagua sehemu tupu kwa `Rectangular Marquee Tool`, na uchaguzi wako uingie ndani ya picha ya zamani pikseli 50 hadi 80; bila kuingiliana huko, utabaki na mstari kama wa mshono. Bonyeza `Generative Fill`, acha kisanduku cha maneno kitupu, bonyeza `Generate`. Utapata matokeo matatu ya kuchagua, kwenye leya mpya yenye maski yake.

Usijaze kila kitu kwa mkupuo. Huduma hii ilipotoka mwaka 2023, ilikuwa inatengeneza picha isiyozidi pikseli 1,024 kwa upande, halafu inaivuta ijaze eneo ulilochagua. Matoleo ya baadaye yameboresha, lakini eneo kubwa bado linatoka laini kuliko picha ya asili. Mimi najaza vipande visivyozidi pikseli 1,000, vikiingiliana, nikianza na pembe na kumalizia karibu na mwili. Mbingu na maji vilikubali mara ya kwanza. Mchanga ulinichukua majaribio matano, maana kila mara iliniwekea mtumbwi ambao haukuwepo.

Kofia ikafuata. Chagua eneo jembamba tu: kuanzia katikati ya kofia iliyobaki hadi mstari wa 190, upana wa kofia na kidogo pembeni. Usiguse nyusi. Ukigusa nyusi, programu itazichora upya na mzee atabadilika jicho. Hapa niliandika maneno machache ya Kiingereza, `top of white embroidered cap`, kwa sababu nafasi tupu iliyo juu ya kichwa mara nyingine inajazwa nywele. Matokeo ya kwanza yalipanda juu ya mstari wangu, nikayakataa bila kuyatazama mara mbili. La nne lilikaa. Mtarizo wake haukuwa sawa na wa mbele, nikanakili kipande cha mtarizo wa kweli kwa `Clone Stamp`.

Kama viatu vya kweli havipo, basi viatu navyo vitajazwa. Chagua viatu vilivyofungwa, vyeusi, bila nakshi. Ndala na vidole wazi viepuke, utahesabu sita mguu mmoja na vinne mwingine. Jaza miguu yote miwili kwa uchaguzi mmoja ili ifanane, kisha kagua kimoja kimoja: viatu viwili vya mguu wa kushoto ni kosa la kila siku, na utaligundua kwa kutazama upande ambao soli imepinda. Kabla ya kupenda rangi, pima kama soli imefika kwenye mstari.

Kivuli

Miguu iliyo sahihi kwa kipimo bado inaweza kuelea. Kinachomshusha mtu ardhini ni ule weusi mwembamba pale soli inapogusa mchanga. Nilichora leya ya `Multiply` chini ya leya ya viatu, brashi laini, rangi ya kahawia iliyokolea niliyoichukua kwenye kivuli cha jiwe palepale pichani, wala si nyeusi tupu, nikaipaka nyembamba na kali kwenye soli na kuilegeza inavyotoka. Kivuli kirefu cha asubuhi kilimwangukia nyuma, kuelekea majini, na kilianzia kwenye visigino, si sentimita kumi pembeni yake.

Hapa kuna jambo lililonichekesha. Kwa jua lile, kivuli cha mjukuu mwenyewe kilipaswa kuingia kwenye sehemu mpya ya chini, kichwa chake kikiwa karibu na viatu vya babu. Fremu ya kweli ingekionyesha. Programu haikukiweka, nami sikukiongeza.

Ukaguzi

Geuza picha nzima kushoto kulia kwa `Image > Image Rotation > Flip Canvas Horizontal`. Jicho lililozoea makosa linaamka. Kisha ipunguze iwe ndogo kama kidole gumba. Kwenye udogo huo huoni mtarizo wala kamba za viatu, unaona uwiano tu, na mguu mfupi unajitangaza. Kisha panua hadi asilimia 200 uende kwenye mipaka: picha ya simu ina chenga chenga, sehemu iliyojazwa ni laini kama plastiki. `Filter > Noise > Add Noise`, asilimia moja hadi tatu, `Gaussian` na `Monochromatic`, kwenye leya za kujazwa tu, inaziba tofauti hiyo.

Kwa asiye na Photoshop

Mwenye kompyuta yenye kadi ya michoro anaweza kufanya haya bure kwa ComfyUI, programu ya kuendesha akili mnemba ya picha kwenye kompyuta yako mwenyewe. Vipimo vinabaki vilevile, ila unavipunguza, kwa sababu modeli kama SDXL imezoea picha za karibu pikseli 1,024. Picha ya mzee ikishushwa hadi 768 kwa 1,024, nafasi za kuongeza kwenye `Pad Image for Outpainting` zinakuwa hivi:

```
left: 104
top: 168
right: 104
bottom: 272
feathering: 40
```

Weka `denoise` 1.0, maana kwenye nafasi tupu hakuna cha kuhifadhi. Faida ya njia hii ni kwamba unaweza kuiongoza kwa mifupa ya OpenPose, yaani mchoro wa nukta na mistari unaoonyesha pozi la mwili, ukaburuta vifundo mpaka kwenye kipimo chako. Lakini mifupa ile ya nukta 18 inaishia vifundoni. Haina kisigino wala ncha ya mguu, kwa hiyo mwelekeo wa viatu unabaki bahati nasibu. Na matokeo ni madogo, itabidi uyakuze mara nne ndipo yaingie kwenye picha ya asili. Nimeitumia kwa viatu vya watu wa nyuma. Kwa mzee nisingeitumia.

Nilihifadhi faili mbili, ya asili bila kuguswa na ya kazi yenye leya zote, nikachapa ya inchi 12 kwa 18. Mama alipoipokea alitazama miguu kwanza, akaicheka kidogo fimbo, akaniuliza kofia nimeitoa wapi. Nikamweleza kipi ni cha picha na kipi nimeongeza, na nyuma ya fremu nikaandika kwa penseli: viatu ni vya Mzee, miguu ni ya mwanawe, kilele cha kofia kimejazwa.